Kibali cha mpishi kimekwisha, mkataba haujaisha: nani anabeba mzigo?

*Mimi ni meneja wa hoteli ndogo Malindi, upande wa Casuarina. Mpishi wetu mkuu ni Mwitaliano. Mkataba wake ni wa miaka 3, kuanzia 1 Mei 2023 hadi 30 Aprili 2026, mshahara 250,000 kwa mwezi. Kibali chake cha kazi kilikuwa cha miaka 2 na kimekwisha tarehe 9 Aprili 2025. Yeye alituletea nakala za pasipoti na picha tangu Januari, lakini cheti cha kodi cha hoteli kilichelewa, tukaingiza maombi tarehe 3 Aprili. Leo ni tarehe 14 Mei, jibu hakuna, naye bado anapika. Mwenye hoteli anasema tumwachishe bila kumlipa chochote, kwa kuwa kibali kikifa na mkataba umekufa. Mpishi anasema atatushtaki. Nani ana haki?*

Dada meneja, kabla ya kufika mahakamani tuanze na jikoni. Leo usiku asipike. Mpe barua fupi ya kumwambia asimame kazi kuanzia leo mpaka hali yake ya uhamiaji iwe sawa. Aitie sahihi, nawe ubaki na nakala. Barua hiyo isiwe ya kumfukuza wala ya kumlaumu, kwa sababu hamna la kumlaumu. Kazi yake ni kukata mnyororo wa siku za kosa, ambazo mpaka leo ni 35 na kesho zitakuwa 36.

Nasema kosa kwa sababu Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 haina huruma na pengo. Mgeni asiye na kibali au pasi iliyo hai, kuwapo kwake tu nchini ni kinyume cha sheria. Kufanya kazi ni kosa la pili juu ya hilo la kwanza. Anayemwajiri naye ana kosa lake: kifungu cha 45 kinamkataza mwajiri kumweka kazini mgeni ambaye hali yake haimruhusu, na kinamtaka ajiridhishe mwenyewe kuhusu hali hiyo. Makosa haya yanaangukia kifungu cha 53, ambacho adhabu yake hufika faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Mpishi anaweza kuipata, na mwajiri pia. Watu wengi huku pwani hudhani kibali ni shida ya Mzungu peke yake, kwamba yeye ndiye atakayepandishwa ndege. Wanapokuja maofisa, wa kwanza kuulizwa "huyu ni mfanyakazi wako?" ni meneja aliyeko mapokezi.

Najua utanionyesha risiti ya tarehe 3 Aprili. Risiti ya maombi si kibali. Inaonyesha kwamba mlianza, na kwamba mlianza kibali cha kwanza kikiwa bado hai kwa siku chache. Hilo lina uzito mkizungumza na Uhamiaji, na lina uzito zaidi mbele ya hakimu anayepima adhabu. Lakini halimpi mtu ruhusa ya kusimama jikoni. Wapo maofisa wanaoiangalia risiti, wakaiona imeingia mapema, wakakuachia. Hiyo ni hisani yao, nawe huwezi kuendesha hoteli kwa hisani. Ndiyo maana Uhamiaji huwataka waajiri waingize maombi ya kuongeza muda angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya mwisho. Nyinyi mliingiza siku 6 kabla.

Sasa asimame vipi bila kumvunjia mkataba? Hapa msimu unakusaidia. Mei ni masika, Malindi nusu ya hoteli zimefunga vyumba, na za watalii wa Italia zinangoja Julai. Mpishi wako amemaliza mwaka wa pili tarehe 30 Aprili. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa kila mwaka. Kama likizo ya mwaka wa pili hajaichukua, aichukue sasa kwa makubaliano ya maandishi. Kwa wiki ya siku 6 za kazi, siku 21 zinakufikisha kama tarehe 7 Juni. Mshahara wake unaendelea, makato yake yanaendelea, na hakuna anayefanya kazi bila kibali. Likizo bila malipo ni habari nyingine. Hiyo haiwezekani kwa amri yako, ni mpaka yeye akubali, na sioni kwa nini akubali ilhali karatasi zake alizileta Januari.

Angalia lakini: likizo inaondoa kosa la kufanya kazi, haiondoi kosa la kuwapo nchini bila hati. Kwa hilo kuna njia mbili za halali. Ya kwanza ni kuomba pasi maalumu, ambayo hutolewa kwa muda mfupi kwa mtu anayengoja kibali au aliyekuja kwa kazi ya muda. Huombwa na mwajiri kwenye mfumo uleule wa Uhamiaji, `fns.immigration.go.ke`, kwa akaunti ya eCitizen mliyoombea kibali. Kwa sababu yeye tayari yumo ndani ya pengo, usitegemee ombi lipite kimya kimya. Watataka kwanza maelezo ya siku zilizopita tangu 9 Aprili, na mnaweza kutozwa kwa ajili yake. Njia ya pili ni aende kwao Italia kwa likizo hiyo, asubiri huko, arudi kibali kikishatoka. Akiamua hivyo, aondoke na barua ya hoteli, risiti ya maombi na nakala ya kibali cha zamani, kwa sababu dawati la uwanja wa ndege litaona tarehe ya 9 Aprili na litamuuliza. Mimi ningependelea ya kwanza kama mna nafasi ya kwenda wenyewe Nairobi kuisukuma. Ya pili ni bora kama kwao kuna wazazi anaotamani kuwaona na jikoni kwenu hakuna wageni.

Kuna njia ya tatu ambayo utashauriwa na kila mtu kuanzia Watamu mpaka Shela: avuke Lunga Lunga, agonge muhuri upande wa Tanzania, arudi siku ya pili na idhini ya kusafiri ya kielektroniki kama mtalii. Usikubali. Idhini ile, iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, ni ya kuingia nchini, na akiiomba kama mtalii haimpi ruhusa ya kazi hata ya saa moja. Atarudi akiwa mgeni halali anayefanya kazi haramu, na juu yake atakuwa amejaza fomu ya serikali akisema anakuja kutembea huku ana maombi ya kibali cha kazi yanayosubiri. Ofisa akifungua faili zote mbili pamoja, swali litakuwa la uongo badala ya kuchelewa. Kuchelewa kunaelezeka.

Turudi kwenye maombi yenyewe, kwa maana hapo ndipo mzozo huu unaweza kumalizika bila wakili. Kibali chake ni cha daraja D, cha mtu aliyeajiriwa kwa kazi maalumu na mwajiri maalumu. Neno "maalumu" lina maana. Kibali kile ni cha mpishi mkuu wa hoteli yenu, basi. Akisaidia mgahawa wa rafiki wa mwenye hoteli Ijumaa usiku, hana kibali cha hapo hata siku ambazo kibali chake kiko hai. (Na kwa walioko Lamu wanaosoma hapa: yule mzee mstaafu mwenye kibali cha daraja K anayeishi kwa pensheni yake haruhusiwi kuajiriwa. Akiwapikia wageni wa nyumba ya kulala wageni kwa mshahara, hata kama ni kwa mapenzi tu ya kupika, mko kwenye kifungu kilekile cha 53.)

Maombi ya kuongeza muda wa daraja D hukwama mara nyingi kwa mambo mawili, na sikushangaa kusoma kwamba moja limewapata. Hilo ni cheti cha kutimiza kodi cha kampuni kutoka KRA. Hoteli ikiwa na deni la kodi ya mishahara, hata la mwezi mmoja uliosahaulika wakati wa msimu mbaya, mfumo haukitoi, na mhasibu atakaa anabonyeza kitufe wiki nzima bila kujua kwa nini. Afungue taarifa ya deni kwanza, alipe au aombe mpango wa kulipa kidogo kidogo, kisha aombe cheti.

La pili ni Fomu ya 27, na hapo ndipo naomba uangalie upesi. Fomu hiyo inahusu Mkenya anayeandaliwa kuishika nafasi ya mgeni. Kibali cha daraja D hutolewa kwa hoja kwamba ujuzi huo haupatikani kwa urahisi hapa na kwamba mgeni ataufundisha. Baada ya miaka 2 Uhamiaji wana haki ya kuuliza: amemfundisha nani, amefika wapi? Wapo wanaojaza jina la mpishi msaidizi aliyeacha kazi mwaka jana na kuandika "anaendelea vizuri." Hiyo ni kujitafutia maswali. Kama kwenu yuko kijana anayesimama na huyu Mwitaliano kila siku, andika jina lake, cheti chake cha chuo, na mambo anayoyaweza sasa: anakanda unga wa tambi mwenyewe, anaagiza samaki na kupanga gharama ya sahani, anaendesha zamu ya mchana peke yake. Kisha sema yapi yamebaki na yatakwisha lini. Ofisa anayesoma maombi mengi kwa siku anajua tofauti ya taarifa ya kweli na ya kujaza nafasi.

Kwa kuwa maombi tayari yako ndani, usianzishe mengine mapya juu yake. Ingia kwenye akaunti uone yamefika hatua gani. Ikiwa yamerudishwa kwa karatasi iliyopungua, jibu liko humo na huenda limekaa wiki tatu bila kusomwa, kwa sababu barua pepe iliyosajiliwa ni ya mhasibu aliyehama. Hili limetokea mara nyingi kuliko inavyostahili. Ikiwa bado yanangoja, pandisha barua ya maelezo yenye saini ya mwenye hoteli, ya ukurasa mmoja: kibali kiliisha lini, karatasi za mfanyakazi zilipokelewa lini, cheti cha kodi kilikwama kwa nini, maombi yaliingia lini, na kwamba amesimamishwa kazi tangu 14 Mei akisubiri. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba barua nzima, ndiyo maana nilikuambia asimame leo. Uamuzi wa vibali hufanyika Nairobi, kwa hiyo ofisi ya Malindi itakusaidia kwa ushauri, lakini haitakugongea kibali.

Kisha kuna ada, na nashuku hapa ndipo mwenye hoteli alipoanza kuona kuwa mkataba umekufa. Mlipomchukua mwaka 2023, daraja D lilikuwa shilingi 200,000 kwa mwaka na 10,000 za kushughulikia maombi. Kwa miaka 2 mlitoa 410,000. Ada zilipandishwa mwaka 2024. Sasa ni 500,000 kwa mwaka na 20,000 za kushughulikia. Kwa miaka 2 ni 1,020,000. Mtu yeyote angeshika kichwa. Lakini mkataba wake umebakiza mwaka mmoja tu, basi ombeni mwaka mmoja: jumla 520,000. Kama maombi mliyoingiza yanasema miaka 2, barua ya maelezo iombe mwaka mmoja unaolingana na mkataba. Na ada hiyo msiikate kwenye mshahara wake kinyemela. Makato yana mipaka chini ya Sheria ya Ajira, na kama mkataba haukusema kwamba atalipa yeye, ni ya mwajiri.

Jibu la "kimekubaliwa" likifika, kazi haijaisha. Kukubaliwa ni ahadi ya kutoa kibali. Kibali ni baada ya ada kulipwa, hati kutolewa, na pasipoti kugongwa. Nimeona waajiri wakimrudisha mtu kazini siku ya ujumbe wa simu, halafu ada ikalipwa mwezi uliofuata. Mwezi ule wote ulikuwa pengo jipya.

Sasa swali la mwenye hoteli. Anachanganya vitu viwili, na kwa nusu moja ana hoja. Ni kweli kwamba mpishi hawezi kudai aendelee kupika kwa kuwa mkataba unasema mpaka Aprili 2026. Hakuna mkataba unaoweza kumlazimisha mtu kutenda kosa. Ni kweli pia kwamba zipo hukumu hapa Kenya zilizosema ajira ya mgeni asiye na kibali ni haramu, na mahakama haitamsaidia mtu kudai haki kutoka kwenye mkataba haramu. Mwenye hoteli akienda kwa wakili mkali, hizo ndizo atakazosomewa.

Lakini zipo hukumu zinazokwenda njia nyingine, na mambo yenu yanaangukia huko zaidi. Mkataba wenu ulianza ukiwa halali, na kibali kilikuwapo. Wajibu wa kumwombea kibali mgeni ni wa mwajiri. Mfanyakazi alileta sehemu yake miezi mitatu kabla. Aliyechelewa ni mwajiri, aliyemwacha aendelee kupika siku 35 ni mwajiri, na aliyekula faida ya sahani zile ni mwajiri. Majaji wengi hawapendi kumwona mtu akitumia kosa lake mwenyewe kama ngao ya kutolipa. Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa "kila mtu" haki ya kutendewa haki kazini, na haisemi kila raia. Kwa hiyo msimamo wa "kibali kimekufa, hatulipi" ni kamari, na kwa ushahidi mlionao nyinyi wenyewe, ni kamari mbaya.

Tuihesabu. Tuseme mnamwachisha kesho bila kitu. Ataanza kudai mshahara mpaka siku ya mwisho aliyofanya kazi, na huo sioni mkiukwepa. Watu wakila chakula alichopika, pesa yake ni yake. Atadai siku za likizo asizochukua. Atadai notisi: mfanyakazi wa mshahara wa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake, na kama mkataba wenu unataja muda mrefu zaidi, huo ndio unaoshika. Kisha atadai fidia ya kuachishwa isivyo haki. Hapo sheria inaweka kikomo cha mshahara ghafi wa miezi 12, yaani 250,000 mara 12, shilingi 3,000,000. Si lazima apewe zote, hakimu hupima muda aliofanya kazi na nani alisababisha nini. Wala asitegemee kulipwa mishahara yote ya mpaka Aprili 2026 kama vile angeifanyia kazi. Mahakama kwa kawaida haziendi huko. Lakini mwenye hoteli anayekwepa kulipa 520,000 za kibali anajiweka kwenye meza yenye 3,000,000, na kesi itasikilizwa hapahapa Malindi kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mpishi ana miaka 3 ya kuifungua. Akiwa Italia bado anaweza kumtuma wakili.

Kama kwa kweli hamumtaki tena, kwa gharama au kwa sababu nyingine, mwachisheni kama mnavyomwachisha mfanyakazi yeyote. Muiteni, na mtu wake wa kumsindikiza akitaka, mwelezeni sababu kwa lugha anayoielewa, msikilizeni, andikeni alichosema, kisha mtoe uamuzi kwa barua. Sababu lazima iwe ya kweli. "Kibali kimekwisha" ni sababu pale tu ambapo mmefanya linalowezekana kukipata. Mwisho wapeni Uhamiaji taarifa kwa maandishi kwamba hayupo tena kwenu, kwa sababu kibali cha daraja D kimefungwa kwenu na mkikaa kimya jina la hoteli linabaki kwenye faili lake. Na msisahau hati ya utumishi. Hiyo hupewa kila anayeondoka, hata mliyegombana naye.

Kuna hali moja tu ambapo mwenye hoteli anakaribia kuwa sahihi kabisa: mmewasilisha kila kitu, mmeeleza pengo, mmekata rufaa, na Uhamiaji wamekataa. Hapo mkataba umezuiwa na dola, hakuna upande uliouvunja. Unaisha kwa kushindikana. Mtalipa kazi iliyofanyika na likizo, mtamsaidia kuondoka, na mkumbuke kwamba kwenye maombi mwajiri hutia saini dhamana ya gharama za kumrudisha mgeni kwao, basi tiketi huenda ikawaangukia. Lakini mahakama itauliza kwanza kama kukataliwa huko kulitokana na uzembe wenu. Aliyejifungia mlango mwenyewe hawezi kusema mlango umefungwa na upepo.

Mpishi naye, kama anasoma hili, asijione mtakatifu. Tarehe ya mwisho iko ndani ya pasipoti yake, si kwenye kabati la mhasibu. Kuanzia 10 Aprili alikuwa anajua. Mwajiri akichelewa, anayekamatwa kwa kuwapo nchini isivyo halali ni mgeni, na anayeweza kupewa amri ya kuondolewa na kuandikwa kuwa haruhusiwi kurudi ni mgeni. Angekuwa na barua pepe moja tu ya Machi, inayosema "kibali changu kinaisha tarehe 9, tafadhali nijulisheni maombi yamefika wapi," ingemfaa kuliko vitisho vyote vya kushtaki. Kama hana, aiandike leo, akitaja siku aliyoleta nakala zake. Wala asihamie jikoni pengine kwa hasira. Hana kibali cha kwenu, na cha pengine hana vilevile. Na kama mke au mtoto wake yuko hapa kwa pasi ya mtegemezi, pasi hiyo inategemea kibali chake. Aiangalie tarehe yake leo, kwa sababu huenda nayo imekwisha na hakuna aliyekumbuka kuiombea.

Kosa lenu la asili lilikuwa siku ya kusaini: mkataba wa miaka 3 juu ya kibali cha miaka 2, bila sentensi moja inayosema nini kitatokea katikati. Mkiongeza muda huu, andikeni nyongeza ya mkataba, na mnaweza kuanza na maneno haya, mkayapeleka kwa wakili ayanyooshe:

"Mfanyakazi atamkabidhi mwajiri hati zake zote miezi 5 kabla ya kibali kuisha, na mwajiri atawasilisha maombi si chini ya miezi 3 kabla. Ada ni ya mwajiri. Kibali kikiisha kabla jibu halijatoka, mfanyakazi hatafanya kazi. Ikiwa ucheleweshaji ni wa mwajiri, siku hizo zitalipwa mshahara kamili, na ikiwa ni wa mfanyakazi, zitakuwa likizo bila malipo. Maombi yakikataliwa baada ya rufaa, mkataba utaisha siku ya uamuzi, na kila upande utalipwa kilichostahili mpaka siku hiyo."